Kabla ya kubonyeza "Install", angalia kinachobadilika

Simu ya Android ikidai sasisho, fungua Settings, kisha About phone, usome mistari miwili: Android version na Android security update (simu nyingine huandika security patch level). Ndipo usome maelezo ya sasisho. Kama kinachosogea ni tarehe tu, tuseme kutoka 1 Machi kwenda 1 Aprili, hicho ni kiraka cha usalama. Kinaziba tundu ambalo wezi wanaweza kupitia, na sura ya simu inabaki ileile. Kiweke siku hiyohiyo, hata kwa bando. Likitaja kurekebisha kamera au chaji na Android ikabaki 14, ni sasisho dogo, linaweza kusubiri waifai. Ila 14 ikienda 15, hilo ni toleo jipya zima: menyu zinahama, programu ya zamani inaweza kugoma, na kurudi nyuma kwa kawaida hufuta kila kitu. Nakili picha kwanza, acha nafasi ya kutosha, chaji ipite nusu. Mimi huwa nalisubirisha wiki mbili hivi, wenye haraka wagundue kasoro.

Njia hii hukwama watengenezaji wanapofunga yote kwenye faili moja. Basi lichukulie kama toleo jipya. Na tarehe ikiwa ya miaka miwili nyuma huku simu inaandika "Your system is up to date", usifurahi: huenda mtengenezaji ameacha kuitolea viraka.