Kusogeza kikao ulichokiitisha mwenyewe: jinsi ya kutoa nyakati tatu mbadala

Jumanne asubuhi ya tarehe 13 Januari, siku moja baada ya mapumziko ya Mapinduzi, kijana tunayefanya naye kazi alinijia mezani na simu mkononi. "Dada, hesabu za robo mwaka hazijafungwa, na kikao ni kesho saa 4. Mimi ndiye niliyekiitisha. Nitawaambiaje?" Wajumbe walikuwa watano: watatu Dar, mmoja Kigali, mmoja Muscat. Alikuwa ameshaandika rasimu. Tuliirekebisha pamoja, na haya ndiyo tuliyoyafanya.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli hakifanyiki

Kama ajenda tatu kati ya nne zinajadilika bila hesabu, fanya kikao na uiache ile moja. Chetu kilikuwa cha hesabu tu.

Hatua ya 2: Piga simu moja kabla ya ujumbe

Mpigie yule atakayeumia zaidi. Siyo lazima awe mkubwa wa cheo. Kwetu alikuwa mjumbe wa Kigali, ambaye alishaacha kikao chake kingine ili awe huru Jumatano. Simu ya dakika mbili inatosha. Akisikia kwanza kwa sauti yako, ujumbe wa wote ukifika hatauona kama umemrushia tu.

Hatua ya 3: Chagua nyakati tatu ambazo kweli zipo

Hapa ndipo watu wengi huharibu, na mimi nilishaharibu. Rasimu ya kijana ilitoa Alhamisi 15 saa 9, Ijumaa 16 saa 4, na Ijumaa 16 saa 8. Kwa macho ni tatu. Tukizichambua, hakuna hata moja.

Alhamisi ilikufa kwanza. Mhasibu alikuwa ameahidi hesabu Alhamisi hiyohiyo kabla ya mchana. Ahadi ikichelewa kwa nusu siku, unasogeza kikao mara ya pili, na hapo hakuna maneno yatakayokuokoa. Kusogeza mara moja watu husamehe. Kwa hiyo muda wa kwanza unaoutoa uwe angalau siku nzima ya kazi baada ya siku unayotarajia kikwazo kiishe. Mimi huongeza siku mbili nikijua kinamtegemea mtu wa tatu.

Ijumaa nazo zilikufa zote mbili kwa pamoja, kwa sababu Oman mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Mjumbe wa Muscat angekubali kwa adabu, halafu asingetokea. Hata wote wangekuwa Dar, saa 8 ya Ijumaa ningeikwepa, maana watu ndiyo kwanza wanatoka msikitini na hawajala.

Halafu kuna saa zenyewe. Dar ikiwa 10:00, Kigali ni 9:00 na Muscat ni 11:00. Fanya hesabu hiyo kwa kila muda, kisha jiulize huyu mtu atakuwa wapi saa hiyo. Saa 2 na nusu asubuhi ya Dar ni saa 1 na nusu ya Kigali, mtu bado yuko barabarani.

Tena, nyakati tatu zisifanane. Mtu mwenye shughuli kila asubuhi, ukimpa asubuhi tatu umempa muda mmoja. Changanya siku, na angalau moja iwe mchana. Tulibaki na Jumatatu 19 saa 4 asubuhi, Jumanne 20 saa 8 na nusu mchana, na Jumatano 21 saa 4 asubuhi. Hiyo ya mwisho ni siku na saa ileile ya awali, wiki moja mbele. Napenda kuiweka kila mara, kwa sababu aliyekuwa na nafasi Jumatano hii mara nyingi anayo na ijayo.

Sasa jambo lililonigharimu alasiri nzima. Miaka ya nyuma niliandika "Alhamisi saa 9" nikimaanisha saa 9 alasiri. Mjumbe mmoja alisoma 9:00, akaingia asubuhi, akasubiri peke yake, akaondoka. Alasiri tulipoingia sisi yeye alikuwa safarini, simu haipatikani. Tangu hapo naandika kwa namna zote mbili, na jina la mji: saa 8 na nusu mchana (14:30, saa za Dar). Na tarehe lazima. "Jumatano ijayo" ikitamkwa Jumanne, mmoja ataelewa kesho, mwingine wiki ijayo.

Ukishazipata, zizuie zote tatu kwenye kalenda yako kabla hujatuma chochote. Mimi huandika "Nimeshika" bila kualika mtu. Mtu akichagua muda ambao wewe mwenyewe umeshaujaza, ndipo unapoonekana mzembe kweli.

Hatua ya 4: Andika ujumbe

Usiandike "kuahirisha". Wengi wakisikia kikao kimeahirishwa wanaelewa hakipo mpaka watangaziwe tena. Andika "kusogeza". Na uache "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu", ni lugha ya tangazo la kukatika maji. Taja sababu halisi kwa sentensi moja, bila kumtupia mhasibu lawama. Samahani iwe moja, na itaje usumbufu wenyewe. Huu ndio tulioutuma:

> Ndugu wajumbe, habari za asubuhi.
>
> Naomba kusogeza kikao nilichokiitisha cha kesho, Jumatano 14 Januari. Hesabu za robo mwaka hazijafungwa, na bila hizo tungejadili makisio. Nazitarajia Alhamisi, nami nitawatumia Ijumaa.
>
> Napendekeza mojawapo ya nyakati hizi, zote ni saa za Dar:
> A. Jumatatu 19 Januari, saa 4 asubuhi (10:00)
> B. Jumanne 20 Januari, saa 8 na nusu mchana (14:30)
> C. Jumatano 21 Januari, saa 4 asubuhi (10:00)
>
> Tafadhali nijibuni kwa herufi zote zinazowafaa kabla ya kesho saa 6 mchana (12:00). Zikigongana, nitachukua inayowafaa wengi.
>
> Samahani kwa kuwa mlishaitenga asubuhi ya kesho kwa ajili yangu.

Herufi zinasaidia kuliko unavyodhani, mtu anajibu "A na C" akiwa kwenye foleni ya mwendokasi. Kura za WhatsApp sizipendi kwa kazi hii. Wakubwa hawazipigi, na ukiwauliza wanasema hawakuiona. Tuma barua pepe, kisha dokeza kwenye kundi kwamba umetuma.

Hatua ya 5: Funga

Saa 6 ya Jumatano majibu yalikuwa manne, C ikiwa kwenye yote. Asiyejibu alipigiwa simu, akasema C sawa.

Kwenye Google Calendar usifute mwaliko wa zamani na kutengeneza mpya, maana watu watapata taarifa ya kufutwa kabla ya kuona mwaliko. Fungua uleule, badilisha tarehe, bonyeza `Save`, na ikikuuliza kuhusu kuwajulisha wageni bonyeza `Send`. Kila mmoja ataona saa za mji wake. Kisha ondoa zile "Nimeshika" mbili zilizobaki, na uwaandikie wote mstari mmoja: "Tumekubaliana C, Jumatano 21 Januari, saa 4 asubuhi (10:00, saa za Dar)."

Hesabu, kwa taarifa yenu, zilikuja Ijumaa saa 10 jioni. Ile Alhamisi ya rasimu tungeilia.