Kutafsiri sala: hesabu mizani baada ya kupima maana

Ukitafsiri sala, usianze na kamusi. Anza kwa kuuliza neno litasikikaje kinywani mwa watu wanaosali pamoja.

Chukua Sala ya Bwana. Kitenzi cha Kigiriki kinachohusu jina la Mungu kina maana ya kulifanya au kulitambua kuwa takatifu. Kwa maana tupu, "litakaswe" ndilo la karibu zaidi. Lakini kutakasa humfanya msikilizaji awaze kitu kilichokuwa kichafu kikasafishwa, na jina la Mungu halijawahi kuchafuka. Ndiyo maana waumini wengi husema "litukuzwe". Maana imesogea kidogo kuelekea utukufu, ila heshima imebaki. Mizani ni 4 kwa kila neno, kwa hiyo hapa mahadhi hayakuamua lolote.

Mstari wa mapenzi ya Mungu ni tofauti. Wakatoliki husema "utakalo lifanyike", mizani 4 na 4, pumzi moja. Wengine husema "mapenzi yako yatimizwe", mizani 9, ambayo inalinda nomino ya asili. Zote ni aminifu. Mimi ningechagua ya kwanza kwa sala ya kusemwa kwa sauti, na ya pili kwa somo.

Na tafadhali, linda ile "u" ya mwanzo: "utupe", "utusamehe". Ukiandika "tupe" umebakiza maana yote, lakini ombi limekuwa amri.

Ukimaliza, wape watu watatu waisome pamoja bila mazoezi. Wanapoachana, hapo pana kasoro.