Somo: Hesabu ya marejesho ya kodi ukiwa umelipa awamu na umekatwa kodi ya zuio

Naandika mara moja, nikiulizwa tena nitaelekeza hapa. Somo hili linamhusu mfanyabiashara aliyelipa kodi kwa awamu kufuata makadirio, huku wateja wakimkata kodi ya zuio kila walipomlipa, na mwaka ulipofungwa akajikuta amelipa kuliko anachodaiwa. Viwango ni vya mfano, weka vya sheria yako.

Hatua ya 1. Andika mapato ghafi ya mwaka. Hapa ndipo watu wanachemsha, na mimi nilishachemsha, kwa hiyo soma polepole. Umetoa ankara za 10,000,000. Wateja wamekata zuio la 5%, yaani 500,000, benki zimeingia 9,500,000. Mapato yako ni 10,000,000, siyo kilichoingia benki. Ile 500,000 ni pesa yako iliyokwenda kulipa kodi yako kwa mkono wa mteja. Ukiandika 9,500,000 halafu ukadai tena 500,000 kama kodi uliyokwisha kulipa, umeinufaikia mara mbili. Faida inapungua kwa 500,000, na kwa kiwango cha 30% marejesho yanavimba kwa 150,000 ambayo si haki yako. Kuiandika zuio kama gharama ni kosa lilelile limevaa nguo nyingine.

Namna ya kujikagua: chukua zuio la kwenye vyeti vya zuio ulivyopewa na wateja, ligawanye kwa kiwango chake. 500,000 ÷ 0.05 = 10,000,000. Jibu lisipolingana na ankara zilizokatwa zuio, usiwasilishe ritani kabla hujajua sababu. Mteja naye ametoa taarifa ya alichokulipa, na tofauti hiyo ndiyo mkaguzi anaiona kwanza.

Hatua ya 2. Toa gharama zinazokubalika kisheria, tuseme 6,000,000. Faida 4,000,000.

Hatua ya 3. Kodi ya mwaka: 4,000,000 × 30% = 1,200,000.

Hatua ya 4. Jumlisha awamu ulizolipa. Makadirio yalikuwa faida ya 5,000,000, kodi 1,500,000, awamu nne za 375,000. Hesabu kodi tupu. Kama uliwahi kuchelewa ukalipa riba au adhabu kwenye muamala huohuo, hiyo iache nje.

Hatua ya 5. Ongeza zuio lenye cheti, kisha linganisha.

```
Awamu          1,500,000
Zuio             500,000
Jumla          2,000,000
Kodi ya mwaka  1,200,000
Ziada            800,000
```

Hatua ya 6. Omba urejeshewe, au ihamishie mwaka ujao. Ukihamisha 300,000, unadai 500,000 tu.

MASWALI

Fundi_Rangi: Mimi nimeingiza kiasi cha benki, itakuwa na shida?

Mwandishi: Rudi hatua ya 1.

Fundi_Rangi: Nimesoma, ila tofauti ni ndogo.

Mwandishi: Ndogo au kubwa, umedai pesa isiyo yako. Rekebisha ritani kabla hujaulizwa.

Binti_Daftari: Samahani mwalimu, nimekatwa zuio pia kwenye riba ya akiba benki. Nalo naliongeza hatua ya 5?

Mwandishi: Swali zuri, nilipaswa kulitaja. Angalia kama sheria yako inalihesabu kuwa zuio la mwisho. Likiwa la mwisho, kodi ya mapato hayo imekwisha palepale: riba haiingii hatua ya 1, na zuio lake haliingii hatua ya 5. Lisipokuwa la mwisho, vyote viwili vinaingia, tena riba iandike kabla ya makato. Kuingiza kimoja na kuacha kingine ndiyo kosa.

Binti_Daftari: Nimegawanya kama ulivyosema, jibu limezidi ankara zangu. Ankara nimeziandika bila VAT.

Mwandishi: Basi huenda mteja amekata zuio juu ya jumla yenye VAT. Jaribu: ukizidisha ankara zako kwa kiwango cha VAT na kuongeza, unapata jibu lile? Ukipata, umepata chanzo. Kama kwako zuio hukatwa kwenye bei kabla ya VAT, mwombe arekebishe cheti. Usibadilishe mapato yako ili yafanane na kosa lake.

Mzee_wa_Ankara: Nyongeza kwa wenzangu: ombeni cheti siku ileile mnapolipwa. Mwisho wa mwaka mhasibu wa mteja keshahama, na cheti hakipatikani.

Mwandishi: Kweli kabisa mzee. Na mkikipata, kagueni namba ya mlipakodi. Ikikosewa tarakimu moja, zuio linasomeka kwa mtu mwingine.

Kasi_Tu: Nipe jibu fupi, nitarudishiwa ngapi?

Mwandishi: Hujaweka ankara, gharama wala awamu.

Mzee_wa_Ankara: Kama ana deni la kodi la miaka ya nyuma je?

Mwandishi: Litakatwa kwanza kwenye ile ziada. Kwenye mfano wetu, mwenye deni la 250,000 asitegemee 800,000, atapata 550,000.