Jinsi ya kupata jina la fonti ya kibao cha duka kutoka kwenye picha, hasa herufi zikiwa zimebanwa

Mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Kadutu alinijia na telefone mkononi. Anafungua duka la pili, na fundi aliyemtengenezea kibao cha kwanza amehama Bukavu na faili lake. "Mtoto yangu, nataka maandishi kama yale yale. Watu wanaijua ile kibao." Juu ya kile kibao pameandikwa QUINCAILLERIE kwa herufi za manjano zenye ukingo mwekundu juu ya buluu, na chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, GROS ET DÉTAIL. Nitatumia kazi hiyo kuonyesha njia ninayofuata, kwa sababu ilikuwa na tatizo ambalo vibao vingi vya mjini kwetu vinalo: fundi alikuwa amezibana herufi.

Hatua ya 1: Picha

Picha aliyonitumia mzee kwa WhatsApp haikufaa. WhatsApp huibana picha, na kingo za herufi zinakuwa na ukungu. Mwambie mteja aitume kama faili (Document) badala ya picha ya kawaida, au nenda mwenyewe. Mimi nilikwenda.

Bukavu ni mji wa milima, na kibao mara nyingi kiko juu ya kichwa chako. Ukisimama karibu na kuinua telefone, upande wa juu wa kibao unaonekana mfupi kuliko wa chini. Rudi nyuma kadiri barabara inavyokuruhusu, panda ngazi au kilima cha upande wa pili ukiweza, kisha vuta picha kidogo. Chagua saa ambayo jua halipigi moja kwa moja. Nataka herufi moja iwe na urefu wa pikseli 150 au zaidi, maana chini ya hapo siwezi tena kuona ncha zake zimekatwaje.

Kabla ya kuondoka, pima kibao kwa futi ya fundi. Usiache hili. Hiki kilikuwa mita 3 kwa sentimita 90. Utaona sababu yake hatua ya 3.

Hatua ya 2: Je, ni fonti kweli?

Tafuta herufi inayojirudia na ulinganishe. QUINCAILLERIE ina I tatu, L mbili na E mbili. Zikiwa sawasawa kabisa, zimetoka kwenye kompyuta. Mkono wa kati wa E moja ukiwa juu kidogo kuliko wa E nyingine, basi ni kazi ya brashi, na hakuna jina la kutafuta: utazichora upya herufi moja moja juu ya picha. Kwa mzee zilikuwa sawa.

Hatua ya 3: Nyoosha kibao

Hapa ndipo vile vipimo vinafanya kazi. Programu ikinyoosha picha haijui kibao kina umbo gani. Ukikivuta kwa kukisia, wewe mwenyewe utakuwa umezipanua au kuzibana herufi, na huko mbele hutajua kosa ni la nani. Mita 3 kwa 0.9 ni 10 kwa 3, kwa hiyo naifanya picha iwe pikseli 2400 kwa 720.

Kwenye GIMP kuna kifaa cha Perspective. Chagua Corrective (Backward), weka kona nne juu ya kona za kibao, kisha badilisha ukubwa uwe 2400 kwa 720. Mimi napenda ImageMagick, programu inayoendeshwa kwa amri za kuandika, kwa sababu haili nguvu ya kompyuta, na umeme ukikatika naanza tena kwa mstari mmoja. Kila kona ina namba za mahali ilipo kwenye picha, zikifuatwa na mahali inapotakiwa kwenda:

```
magick kibao.jpg -distort Perspective \
 "412,380 0,0  2610,455 2400,0  2650,1120 2400,720  350,1210 0,720" \
 -crop 2400x720+0+0 +repage safi.png
```

Namba za kona utazisoma kwenye GIMP kwa kupeleka kishale juu ya kila kona. Toleo la zamani la ImageMagick linatumia neno `convert` mahali pa `magick`.

Kisha geuza herufi ziwe nyeusi juu ya nyeupe. Manjano ina kijani nyingi ndani yake, nyekundu na buluu hazina, kwa hiyo nachukua mkondo wa kijani peke yake:

```
magick safi.png -channel G -separate +channel -threshold 50% -negate nyeusi.png
```

Rangi za kibao chako zikiwa nyingine, jaribu R au B mahali pa G.

Hatua ya 4: Pima nguzo na mkono

Miaka ya nyuma nilikuwa naruka hatua hii. Nilipeleka picha ya kibao kingine moja kwa moja kwenye tovuti ya kutafuta fonti, ikanipa orodha ya fonti nyembamba, nikachukua iliyofanana zaidi, nikakata stika nzima. Zilipobandikwa kando ya zile za zamani, hata mpita njia aliona si ndugu. Stika yote ikaenda jalalani.

Sababu ni hii. Katika fonti nene zisizo na vijimkia kwenye ncha, nguzo za wima huwa nene kidogo kuliko mikono ya kulala. Wachoraji wa fonti hufanya hivyo kwa sababu jicho huona mstari wa kulala kuwa mnene kuliko ulivyo. Fundi akiibana herufi kwa upande ili neno refu litoshe, nguzo zinakonda lakini mikono inabaki na unene wake. Akiipanua, nguzo zinanenepa kupita kiasi. Kwa hiyo ukikuta nguzo nyembamba kuliko mkono, jua herufi imebanwa. Fonti iliyochorwa nyembamba tangu mwanzo kwa kawaida haina kasoro hiyo.

Kuhusu ukingo mwekundu: CorelDRAW, ambayo mafundi wengi wanaitumia, kwa kawaida huuweka ukingo nusu ndani ya herufi na nusu nje. Mpaka wa kweli wa herufi unapita katikati ya ule wekundu. Ukipima manjano tu, utaiona herufi nyembamba kuliko ilivyo. Wekundu wetu ulikuwa pikseli 6, basi niliongeza 3 kila upande.

Herufi zilikuwa na urefu wa pikseli 300. Nguzo ya I ilikuwa 43. Mkono wa E ulikuwa 51. Imebanwa, bila shaka. Katika fonti za familia hii nguzo ni kama mara 1.2 ya mkono, yaani ilitakiwa kuwa karibu 61. Gawanya 43 kwa 61, unapata 0.7. Fundi alibakiza asilimia 70 ya upana, na kuirudisha ni kugawa 100 kwa 0.7:

```
magick nyeusi.png -resize 143%x100% pana.png
```

Hiyo 1.2 ni ya kuanzia tu. Ichukue kama makadirio. Hatua ya mwisho itakusahihisha.

Hatua ya 5: Uliza tovuti

Kata kipande kidogo, kwanza kwa ajili ya megabaiti zako, pili kwa sababu tovuti hizi zinachanganyikiwa na vitu vingi. I na L hazisemi kitu, zipo hivyo katika fonti elfu. Mimi nilichukua Q, C, A na R. Hakikisha herufi hazigusani. Zikigusana, weka mstari mweupe kati yake. Nilipeleka WhatTheFont, tovuti ya MyFonts. Matcherator ya Font Squirrel inafanya kazi hiyo hiyo. Picha ikiwa mbaya mno, Identifont hukuuliza maswali kuhusu umbo la herufi, mkia wa Q uko wapi, na kadhalika, nawe unajibu kwa kuangalia kwa macho.

Kabla ya kupanua, tovuti ilinipa zile fonti nyembamba. Baada ya kupanua, Arial na Helvetica na jamaa zao zikaja juu.

Hatua ya 6: Arial au Helvetica?

Usijaribu kuzitofautisha kwa urefu wa neno. Helvetica ilitoka Uswisi mwaka 1957 kwa jina la Neue Haas Grotesk. Arial ilichorwa na kampuni ya Monotype mwaka 1982, na upana wa herufi zake ukafanywa uwe sawa na ule wa Helvetica. Neno litatoshana kote.

Angalia ncha. Ncha za C za Helvetica zimekatwa kwa mstari wa kulala kabisa. Za Arial zimekatwa kwa mshazari. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kubana herufi hakukiharibu: mstari wa kulala ukiubana unabaki umelala. Mguu wa R ya Helvetica unashuka karibu wima. Wa Arial unakwenda mshazari ulionyooka. G ya Helvetica ina kijiguu chini upande wa kulia, ya Arial haina. G niliipata kwenye GROS, na haikuwa na kijiguu. Ncha za C zilikuwa za mshazari, mguu wa R pia. Arial Bold.

Alama ya juu ya É kwenye DÉTAIL sikuitumia kama shahidi. Ilikuwa imelala kuliko ya Arial, nadhani fundi aliikata mwenyewe akaiweka juu ya E ya kawaida. Wengi hufanya hivyo kwa sababu hawajui kuiandika kwa kibodi.

Hatua ya 7: Weka juu na ulinganishe

Fungua `safi.png` kwenye Inkscape, andika neno kwa Arial Bold, lifanye liwe na urefu wa herufi za picha, punguza upana hadi asilimia 70, kisha lipe uwazi wa nusu na uliweke juu ya picha. Arial Bold ya urefu wa pikseli 300 ingehitaji karibu pikseli 3260 kwa QUINCAILLERIE yote, nacho kibao kina 2400. Kwa asilimia 70 inakuwa kama 2280. Ndiyo maana fundi alibana.

Herufi ya kwanza ikikaa sawa na zinazofuata zikazidi kuachana taratibu, fonti ni sahihi ila nafasi kati ya herufi ilibadilishwa, isogeze. Herufi moja moja zikikataa kukaa, rudi hatua ya 4 na ujaribu asilimia nyingine, 68 au 72, kabla ya kuitupa fonti. Yangu ilikaa kwa 70, na mpaka ukapita katikati ya wekundu, kama nilivyokisia. Kama fundi angekuwa ameuweka ukingo nyuma ya herufi, mpaka ungefuata manjano.

Kibao kipya ni cha mita 4 na nusu, neno lingetosha bila kubanwa hata kidogo. Nikamwambia: "Papa, hapa naweza kuziacha zipumue." Akaziangalia kwenye kompyuta. "Hapana, mtoto yangu. Ifanane na ile ingine." Nikaandika 70 tena, nikabakiza buluu tupu pande zote mbili.