Somo: Kuacha krimu kali ya uso bila kuiharibu ngozi zaidi

Nimechoka kujibu hili kwenye ujumbe binafsi, kwa hiyo nalibandika hapa. Linamhusu mtu mzima aliyekuwa akipaka krimu ya steroidi usoni kwa miezi, iwe aliandikiwa, aliuziwa duka la dawa baridi, au ilikuwa ndani ya mkorogo. Mtoto ana hesabu yake, mpelekeni hospitali.

1. Soma jina la dawa, si jina la krimu. Liko kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara. Ngazi ya ukali wa dawa hizi ina madaraja manne. Chini kabisa kuna haidrokotisoni 1%. Juu yake klobetasoni butirati 0.05%. Daraja la tatu ni betamethasoni valerati 0.1% na mometasoni 0.1%. Kileleni yupo klobetasoli propionati 0.05%. Tazama vizuri: klobetasoni na klobetasoli zimepishana herufi moja tu, lakini moja ni ya wastani na nyingine ndiyo kali kuliko zote. Wauzaji huzichanganya. Halafu acheni kulinganisha asilimia za dawa tofauti. Haidrokotisoni ina 1% na bado ndiyo dhaifu, klobetasoli ina 0.05% tu na ndiyo inayochana ngozi.

2. Angalia umepaka wapi. Ngozi hainywi dawa sawasawa. Vipimo vya zamani vya haidrokotisoni vilionyesha kwamba taya hufyonza kama mara 13 ya mkono wa mbele, na paji la uso mara 6. Unyayo haufikii hata robo ya mkono. Ndiyo maana krimu iliyotibu kisigino bila shida inaweza kuharibu uso.

3. Jua umetumia kiasi gani. Kamua mstari kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi mkunjo wa kwanza: hiyo ni nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili. Uso na shingo ni mistari miwili na nusu, yaani gramu 1.25. Anayepaka mara moja kwa siku anamaliza tyubu ya gramu 25 kwa siku 20. Hesabu tyubu zako, utapata jibu la kweli kuliko kumbukumbu.

4. Kushuka. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo soma polepole.

Ukiacha ghafla, ndani ya siku chache hadi wiki kadhaa uso unawaka, unavimba, unatoa vipele na kuwasha. Mishipa iliyokuwa imebanwa na dawa inafunguka yote kwa pamoja. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani sana, utauona kama weusi wa zambarau au joto linaloshikika kwa mkono. Mtu akiona hivyo anasema "bila krimu naumwa", anarudi kupaka, uso unatulia kwa siku mbili, na mduara unaanza upya. Kurudia huko ndiko kunakomaliza ngozi.

Mfano wa kushuka, kwa aliyepaka klobetasoli usoni kila usiku kwa miezi sita: wiki mbili za kwanza anahamia klobetasoni butirati, mara moja kwa siku. Wiki mbili zinazofuata haidrokotisoni 1%, mara moja kwa siku. Kisha haidrokotisoni siku moja ndiyo, moja hapana, kwa wiki mbili. Kisha mara mbili kwa wiki kwa wiki mbili, halafu basi. Daktari wa ngozi anaweza kuubadilisha, au akaondoa steroidi yote na kukupa takrolimasi au vidonge vya doksisaiklini badala yake. Wote wanakubaliana jambo moja: mwako ukija usipande ngazi tena bila kumwona yeye.

Onyo la kwanza: kama ulikuwa ukipaka mwili mzima, mfano huu haukuhusu. Dawa nyingi hivyo huingia kwenye damu na kuzilaza tezi za juu ya figo. Ukiacha ukapata uchovu mkubwa, kutapika au kizunguzungu unaposimama, nenda hospitali siku hiyo hiyo na tyubu mkononi.

Onyo la pili: ukipaka karibu na macho kwa muda mrefu, presha ya jicho inaweza kupanda kimyakimya. Kapime.

5. Baada ya hapo: mafuta mazito yasiyo na harufu, na kinga ya jua kila asubuhi.

---

Mwajuma_K: Nimesoma. Nitajuaje kama ngozi imeshakuwa nyembamba au ni uchovu tu?

Mwandishi: Swali zuri. Steroidi huzuia seli zinazotengeneza kolajeni, kwa hiyo ngozi inapoteza nguzo zake. Simama kwenye mwanga wa dirisha, utazame mashavu kwa upande: utaona inang'aa kama karatasi ya sigara, mishipa midogo kama nyuzi, na vinyweleo kuongezeka. Kwenye mikono, kugongwa kidogo tu kunaacha alama ya damu. Wembamba wa mwanzo hurudi nyuma taratibu ukiacha. Michirizi ya mapajani na makwapani hairudi, hufifia tu.

Bonge_la_Ilala: mkuu mi natumia ile ya tatu kwa moja, ina dawa ya fangasi pia, so ni salama si ndio

Mwandishi: Si ndiyo. Soma hatua ya 1.

Bonge_la_Ilala: nimesoma, imeandikwa betamethasoni dipropionati. haipo kwenye ngazi yako

Mwandishi: Iko daraja la tatu, na kwenye mafuta mazito inapanda zaidi. Steroidi inatuliza muwasho huku fangasi wakitanuka chini yake. Duara linapoteza ukingo wake, na hata daktari anaweza asilitambue. Kama ni fangasi, paka dawa ya fangasi peke yake, na uende wiki moja hadi mbili zaidi baada ya alama kuisha.

Dada_wa_Nyali: Pole kwa maswali, lakini kwa nini madaktari wenyewe huchanganya tretinoini na steroidi kwenye madoa?

Mwandishi: Usiombe radhi, hili ndilo nililolisubiri. Mwaka 1975 Kligman na Willis walichapisha mchanganyiko wa tretinoini 0.1%, haidrokwinoni 5% na deksamethasoni 0.1%. Haidrokwinoni inapunguza rangi. Tretinoini inaisaidia kuingia, na pia inapingana na wembamba unaoletwa na steroidi. Steroidi inapunguza mwasho wa hizo mbili. Ni mpango wa wiki chache chini ya macho ya daktari. Mkorogo umechukua vitu hivyo hivyo ukaondoa kikomo.

Dada_wa_Nyali: Basi naweza kuanza tretinoini peke yake wakati nashuka?

Mwandishi: Subiri uso utulie kabisa, mwezi au zaidi baada ya kupaka steroidi mara ya mwisho. Ukiianza mapema, mwako wake na wa kuacha steroidi huwezi kuutofautisha, na kila mwako kwenye ngozi nyeusi unaacha doa. Ukianza, tumia 0.025%, ukubwa wa punje ya njegere kwa uso mzima, usiku mara mbili kwa wiki, uso ukiwa mkavu. Mwenye mimba au anayetafuta mimba aiache.

Babu_Dawa: Nyongeza: mafuta ya kulainisha kwanza, subiri nusu saa, ndipo tretinoini. Inapunguza kuchubuka.

Mwandishi: Sahihi. Na kona za pua na mdomo zipakwe vaselini, huko ndiko inakoanza kuchana.

Kichuna22: kwa hiyo nipake ipi nibaki mweupe

Mwandishi: Hakuna.