Picha zikifutika kwenye memori kadi, usipige nyingine

Mpiga picha wa harusi pale Mafinga akifuta kwa bahati mbaya picha za asubuhi zilizomo kwenye memori kadi ya GB 32, jambo la kwanza ni kuizima kamera na kuitoa kadi, kwa sababu kufuta huondoa tu kumbukumbu ya mahali picha ilipo, ilhali picha yenyewe hubaki hadi nyingine iandikwe juu yake. Sherehe iendelee kwa kadi nyingine.

Baadaye kadi ichomekwe kwenye kompyuta, na kompyuta ikiomba kuiformati, kataa. Programu ya bure iitwayo PhotoRec huisoma kadi nzima na kutoa picha inazozitambua, ila matokeo yahifadhiwe kwenye diski ya kompyuta, kamwe si kwenye kadi ileile. Majina ya awali hupotea, hivyo utakuta mafaili kama f0012345.jpg, na picha inayofunguka nusu, huku sehemu ya chini ikiwa ya kijivu, mara nyingi sehemu yake imeshaandikiwa data nyingine juu yake.

Kumbukumbu ya ndani ya simu ni habari nyingine: simu za sasa husimba data, yaani huigeuza isisomeke bila ufunguo wake, na kikapu cha picha zilizofutwa kikishamwagwa, programu zinazoahidi miujiza hukupotezea muda, na wakati mwingine fedha. Anzia kwenye kikapu cha Google Photos, ambako picha iliyokwisha kupakiwa mtandaoni hukaa siku 60.

Kwa kazi ya kulipwa, kadi isifutwe kabla nakala hazijawekwa kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje, na chache zikafunguliwa kuhakikiwa.