Somo: Kupanga ujumbe wa wapangaji, tukianza na "maji yanavuja"

Mwenye nyumba mwenye ploti ya ghorofa tatu hapa Kisumu, tuseme Migosi au Mamboleo, hupokea ujumbe wa kila aina kwa siku moja: kitasa kimelegea, taa ya korido imeungua, choo kinajaza maji bila kukoma, maji yanavuja. Huo wa mwisho ndio mgumu kuupanga kuliko wote, kwa sababu anayeuandika anaweza kuwa na mfereji unaodondosha tone moja moja, na anaweza vilevile kuwa amempandisha mtoto wake kitandani kwa sababu sakafu imejaa maji. Maneno ni yale yale. Ndiyo maana somo hili linashughulikia ujumbe huo mmoja kwa kina, na mengine yatapita kwa ufupi.

Hatua ya kwanza: mlango mmoja wa kupokea

Tenga laini moja ya simu kwa hitilafu za nyumba, na kikundi cha wapangaji kibaki cha matangazo tu. Hitilafu ikiandikwa kikundini, jirani wa kwanza atajibu kwamba hata kwake kuna shida, wa pili atauliza habari ya takataka, na kufikia jioni ujumbe wenyewe umezama. Kwenye laini hiyo ninatumia WhatsApp Business kwa sababu inaruhusu kubandika lebo kwenye mazungumzo, na lebo tatu zinatosha: DHARURA, KARIBU na KAWAIDA. DHARURA hushughulikiwa sasa hivi, hata usiku wa manane. KARIBU hupata fundi siku hiyo au kesho yake. KAWAIDA husubiri siku ambayo fundi huja kufanya kazi kadhaa kwa pamoja. Wapangaji waelezwe mapema kwamba jambo la hatari hupigiwa simu kwanza, kisha ujumbe hufuata, kwa maana ujumbe wa saa nane za usiku husomwa asubuhi.

Hatua ya pili: maswali matatu kabla ya lebo

Usibandike lebo kwa kufuata ukali wa maneno. Hifadhi maswali haya kama jibu la haraka, ili ukiandika `/maji` yajitokeze yote:

```
Tafadhali nijibu haya matatu:
1. Je, maji yanaendelea kutoka hata kama
   hakuna anayetumia maji?
2. Je, ni maji safi au maji taka?
3. Je, yamefika karibu na soketi, swichi au taa?
Kisha nitumie video fupi.
```

Swali la kwanza ndilo lenye uzito. Bomba linaloleta maji kutoka tangi la juu limejaa maji yanayosukumwa mchana na usiku, hivyo likipasuka halitanyamaza mpaka lifungwe au tangi likauke. Bomba la kutoa maji, lile linalotoka kwenye sinki au bafu, huwa tupu mpaka mtu anapomwaga maji, kwa hiyo likiwa na ufa litavuja jirani wa juu anapooga na kutulia anapomaliza. La kwanza ni DHARURA. La pili mara nyingi ni KARIBU, mradi jirani wa juu akubali kutotumia bafu hilo hadi fundi afike. Hata hivyo, zege hushika maji, na dari inaweza kuendelea kudondosha kwa muda baada ya matumizi kukoma. Ndiyo sababu ninamwomba mpangaji asubiri nusu saa na kuniambia kama matone yanapungua au yamebaki vilevile.

Swali la pili linabadilisha hesabu. Maji taka yanayopanda kupitia tundu la sakafu katika nyumba ya chini ni DHARURA hata kama ni kidogo, kwa sababu nyumba zote za juu humwaga kwenye bomba hilo hilo, na kila anayevuta maji ya choo huko juu anamwongezea huyu wa chini. Kabla hujampigia mzibuaji, waambie walio juu waache kumwaga maji.

La tatu halina mjadala. Maji yakikaribia umeme, kiasi chake hakihesabiwi. Mpangaji azime swichi kuu ya nyumba yake ikiwa anaifikia bila kukanyaga maji; asipoweza, atoke nje, na mtunzaji wa nyumba azime kwenye ubao wa mita.

Hatua ya tatu: kufunga huja kabla ya kutengeneza

Watu wengi huanza kwa kumtafuta fundi bomba, ilhali maji yanaendelea kumwagika. Chukua mfano wa bomba lililopasuka na kujaza jerikeni ya lita 20 kwa dakika moja. Tangi la lita 5,000 litakauka kwa muda wa saa nne na dakika kumi, na maji yote hayo yatakuwa yamepita kwenye dari na magodoro ya watu. Fundi wa haraka kabisa atafika baada ya saa moja. Valvu hufungwa kwa dakika mbili.

Kwa hiyo andaa orodha ya valvu kabla ya shida: ile ya kila nyumba, ile ya kila ghorofa kama ipo, na ile inayotoka kwenye tangi. Zipakwe rangi na kuandikwa namba ya nyumba, na orodha ibandikwe ndani ya kabati la mita. Ni muhimu pia kuzifunga na kuzifungua mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa geti valvu iliyokaa miaka bila kuguswa hushika kutu au huacha maji yakipenya hata baada ya kuzungushwa hadi mwisho, na usiku wa dharura si wakati wa kuligundua hilo.

Hatua ya nne: badilisha lebo mambo yakibadilika

Bomba lililopasuka na kufungiwa valvu si DHARURA tena. Limekuwa KARIBU, kwa sababu sasa mpangaji hana maji. Lebo ikibaki ile ile, utaanza kuzoea kuona DHARURA nyingi kwenye simu na utaacha kushtuka. Kinyume chake pia hutokea, na nitakigusa katika maswali.

Mfano mmoja hadi mwisho

Mpangaji wa nyumba namba 4 anatuma ujumbe wa sauti saa tatu na dakika arobaini usiku: "Mzee, maji yananimwagikia jikoni kutoka juu." Anatumiwa maswali matatu. Anajibu kwamba ni maji safi, hayapungui, na mengine yanateremka kando ya taa ya dari. Mpangaji wa juu, namba 8, amesafiri kwenda Busia tangu asubuhi, kwa hiyo hakuna anayeoga wala kuosha vyombo huko. Mpaka hapo tunajua mambo mawili bila kuona chochote: ni bomba la kuleta maji, na umeme umo hatarini. Lebo ni DHARURA.

Wa namba 4 anaelekezwa kuzima swichi kuu na kukaa chumba kingine. Mtunzaji anafunga valvu namba 8 iliyo kwenye korido, na baada ya dakika kumi maji yanakuwa matone. Hapo lebo inageuka KARIBU. Mpangaji wa namba 8 anapigiwa simu na kuombwa ruhusa ya kufungua nyumba yake asubuhi mbele ya mtunzaji na jirani mmoja, na makubaliano hayo yanaandikwa kwenye ujumbe ili pasiwe na maneno baadaye. Asubuhi fundi anakuta mpira wa kuunganisha mfereji wa sinki umepasuka karibu na nati. Kifaa hicho ni cha bei ndogo. Kazi iliyobaki ni ya fundi wa umeme, ambaye anakagua taa ya dari ya namba 4 kabla swichi haijawashwa. Nyaya zinazopita ndani ya dari iliyolowa zinaweza kupiga shoti hata kama dari kwa nje inaonekana imekauka.

Maswali ya wanachama

*Swali kutoka Lanet, Nakuru: Ndugu mwalimu, wapangaji wangu huandika "dharura" kwa kila kitu, hata kabati ambalo halifungi. Nifanyeje?*

Usiwakataze kuliandika neno hilo, kwa sababu siku moja litakuwa la kweli. Wewe uliza tu: kikisubiri hadi asubuhi, nini kitaharibika au nani ataumia? Kabati halina jibu la swali hilo. Kitasa cha mlango wa nje, mpangaji akiwa nje usiku, kinalo. Ukiwajibu wa kabati kwa kuwatajia siku fundi atakapokuja, wengi hupunguza kelele, kwa kuwa walichokuwa wakikitafuta ni tarehe.

*Swali kutoka Kakamega: Mimi naishi mbali na nyumba zangu. Mtunzaji hunipigia kila mara kuomba ruhusa ya kununua hata mpira wa sinki. Je, nimwachie?*

Mwachie kiwango. Mimi ningemwekea kiasi maalumu, kwa mfano shilingi 3,000, anachoweza kukitumia kwa jambo la DHARURA peke yake bila kukuuliza, kisha akutumie picha ya risiti na ya kifaa kilichoharibika. Kufunga valvu na kuzima umeme kusihitaji ruhusa ya mtu yeyote, hata yako.

*Swali kutoka Nyalenda, Kisumu: Maji yakikosekana kwa nyumba zote, hiyo ni lebo gani?*

Tazama tangi kwanza. Likiwa na maji, hitilafu ni yako, yaani valvu au bomba linaloshuka, na hiyo ni KARIBU. Likiwa tupu, uliza majirani na uwapigie KIWASCO kujua kama ni mgao; hapo fundi hana kazi, na kinachohitajika ni tangazo moja kikundini ili watu ishirini wasikuulize jambo moja. Likiwa tupu ilhali majirani wana maji, shuku boya la tangi limekwama, au kuna uvujaji mahali usipopaona. Wote wafunge mifereji kwa dakika kumi, nawe uangalie mita ya mtu mmoja mmoja. Inayozunguka ndiyo yenye siri.

*Swali kutoka Bungoma: Choo kinachojaza maji bila kukoma nimekiweka KAWAIDA. Je, nimekosea?*

Hukukosea, lakini kiandikie tarehe. Uvujaji huo hauharibu dari ya mtu, ila unakula bili kila saa. Kama mita ni ya jengo zima na bili unailipa wewe, kipandishe kuwa KARIBU. Mfereji unaodondosha tone moja kwa sekunde humwaga takriban lita 20 kwa siku, yaani jerikeni nzima. Choo kinachotiririka humwaga zaidi ya hapo.

*Swali kutoka Kondele, Kisumu: Mama mmoja ameniandikia kwa upole kwamba mfereji wa bafuni "unamtekenya" kidogo anapooga, na kwamba si neno, nipite nikipata nafasi. Fundi anaweza kusubiri Jumamosi?*

Hapana. Mpigie sasa hivi. Mfereji unaotekenya una umeme, na mara nyingi chanzo ni shawa ya umeme iliyoharibika katika nyumba ambayo waya wake wa athi umekatika au haukuwahi kuunganishwa. Leo ni kutekenya kwa sababu amevaa kandambili. Kesho atakuwa peku kwenye sakafu yenye maji. Aache kuoga humo, azime swichi ya shawa na ile kuu. Waulize pia majirani zake kama mifereji yao inafanya vivyo hivyo, kwa sababu mabomba ya chuma hupeleka umeme huo nyumba ya pili, na inawezekana shawa mbovu si ya kwake. Fundi wa umeme apime athi ya jengo lote kabla ya yeyote kuwashiwa shawa tena.